Masikio ya babu au mkanda wa gramafoni?

Katika nyumba moja mjini Morogoro, mzee wa miaka sabini na minne alianza kulalamika kuwa santuri zake zinaimba chini. Ana santuri ndogo za muziki wa dansi alizozinunua ujanani, na kwa miaka mingi amekuwa akizipigia gitaa, akifuata nyimbo taratibu kwenye kiti chake. Sasa, alisema, gitaa na santuri havikubaliani tena. Ili wimbo ukae sawa, inambidi alegeze nyuzi zote za gitaa kidogo.

Watoto wake walisikiliza, wakatazamana. Kwa umri ule, walisema, ni masikio. Binti mkubwa akapendekeza apelekwe hospitali. Mzee hakukataa, ila aliumia. "Sikio langu ndilo mnalolishuku," alisema, "mashine hamuishuku."

Mjukuu wake wa kidato cha sita, anayesoma fizikia na ambaye babu humwita "mke wangu" kwa utani, ndiye aliyeichukua kauli hiyo kama swali linaloweza kupimwa. Santuri ndogo hutengenezwa ili izunguke mara 45 kwa dakika. Mashine ikiizungusha polepole zaidi, kila sauti iliyomo hushuka kwa kiwango kilekile, ya mwimbaji, ya gitaa na ya tarumbeta. Kwa hiyo haikuwa lazima kubishana juu ya sikio la mtu. Ilitosha kujua sahani ya gramafoni inazunguka mara ngapi kwa dakika wakati santuri inapigwa.

Hakuwa na kifaa cha maabara, alikuwa na simu. Alikata kipande kidogo cha plasta nyeupe ya kidonda akakibandika ukingoni mwa sahani. Santuri ya 45 ni ndogo kuliko sahani inayoibeba, hivyo plasta ilibaki nje yake bila kuigusa sindano. Kisha akalaza ubao juu ya migongo ya viti viwili, akaiweka simu juu yake ikitazama chini, sawasawa na katikati ya sahani. Alisogeza kila kitu karibu na dirisha, kwa sababu chumba kikiwa na giza simu huchukua muda mrefu kuipiga kila picha, na plasta inayosogea huonekana kama mkia wa ukungu usio na ncha.

Video ni picha nyingi zinazofuatana, nazo huitwa fremu. Simu ile ilikuwa ikipiga fremu 30 kwa sekunde. Kwa kuwa baadhi ya simu hupunguza idadi hiyo zenyewe mwanga ukipungua, aliweka simu ya mama yake kando ya sahani ikionyesha saa ya kuhesabu sekunde. Alipohesabu fremu 300 kwenye video, saa ile ilikuwa imesogea sekunde 10. Hapo akawa na uhakika wa muda, bila kuamini tu maandishi ya simu.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya subira. Alifungua video kwenye kompyuta, akaisogeza fremu moja moja, na kila baada ya fremu tano akaandika plasta iko wapi. Kompyuta hutaja mahali kwa namba mbili: pikseli ngapi kutoka kushoto, na pikseli ngapi kutoka juu. Namba hizo peke yake hazisemi kasi. Lazima zigeuzwe kuwa pembe, yaani plasta imegeuka nyuzi ngapi kuizunguka katikati ya sahani.

Hapa ndipo alipopotea kwanza. Alichukua kijiti cha katikati kwa kukadiria kwa macho, akakosea pikseli kama kumi na mbili kwa sababu ya kivuli. Matokeo yake yalionyesha sahani ikikimbia kidogo, kisha ikizembea, kisha ikikimbia tena, mara moja katika kila mzunguko. Mtu angeweza kudhani mashine ndiyo mbovu. Lakini yeye alipima pia umbali wa plasta kutoka kwenye hicho alichokiita katikati, akakuta unabadilika kati ya pikseli 388 na 412. Plasta iliyobandikwa haiwezi kusogea karibu na mbali. Kosa lilikuwa lake.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Alitafuta fremu ambayo plasta iko kushoto kabisa, na nyingine iko kulia kabisa: pikseli 552 na 1352. Katikati yake ni 952. Akafanya hivyo kwa juu na chini, 148 na 948, akapata 548. Hapo ndipo penye katikati halisi. Aligundua jambo la pili papo hapo: upana wa duara ulikuwa pikseli 800, na urefu wake 800. Kama simu ingekuwa imeinama, duara lingeonekana kama yai, na kasi ingeonekana kupanda na kushuka mara mbili katika kila mzunguko. Mara moja kwa mzunguko, shuku katikati. Mara mbili, shuku simu iliyoinama.

Hesabu ya pembe aliiachia programu ya majedwali. Namba za kushoto zikiwa safu ya B na za juu safu ya C, aliandika hivi:

```
=DEGREES(ATAN2(B2-952,C2-548))
```

Tuchukue mfano wake wenyewe. Kwenye fremu ya kuanzia, plasta ilikuwa kulia kabisa, kwa hiyo pembe ni sifuri. Baada ya fremu tano ilikuwa kwenye 1247 na 818, nayo ni pembe ya nyuzi 42.5. Baada ya fremu kumi ilikuwa kwenye 988 na 946, yaani nyuzi 84.8. Hatua ya kwanza ni nyuzi 42.5, ya pili 42.3. Fremu tano ni sehemu ya sita ya sekunde, na kwa bahati nzuri ya hesabu, nyuzi zinazopitwa katika muda huo ni sawa na idadi ya mizunguko kwa dakika. Sahani iliyopaswa kusogea nyuzi 45 ilikuwa inasogea karibu 42 na nusu.

Lakini hakusherehekea. Kidole kikiteleza pikseli moja tu wakati wa kuisoma plasta, pembe hukosea kama sehemu moja ya saba ya nyuzi. Kosa hilo ni dogo kwenye hatua ya fremu tano, ila kwa anayelinganisha fremu mbili zinazofuatana ni kubwa, kwa sababu hapo plasta husogea nyuzi nane na nusu tu. Kasi za fremu moja moja zitarukaruka, na mtu atachagua ile inayompendeza. Njia salama ni kujumlisha pembe kwa muda mrefu na kugawanya mara moja mwishoni, maana kosa la kidole halikui pamoja na safari.

Kujumlisha nako kuna mtego wake. Programu ile haitaji pembe zaidi ya 180. Plasta ikivuka hapo, namba hugeuka ghafla kuwa hasi, kana kwamba sahani imeruka nyuma. Haijaruka. Unaongeza 360, na kwenye mzunguko unaofuata 360 nyingine. Alipofanya hivyo kwa sekunde 10 alipata mizunguko saba kamili na nyuzi 24 juu yake, jumla nyuzi 2,544. Hiyo ni nyuzi 254.4 kwa sekunde, au mizunguko 42.4 kwa dakika.

Pungufu ni karibu asilimia sita. Kwa mpiga gitaa, tofauti hiyo ni karibu nusu toni kamili, sawa na kusogea kituo kimoja kwenye shingo ya gitaa. Wimbo wa dakika tatu unachukua sekunde kumi na moja zaidi. Mzee aliyelegeza nyuzi zake ili zikubaliane na santuri alikuwa anasikia vizuri kabisa kile kilichokuwa kinapigwa.

Bado swali la kwa nini lilibaki. Mjukuu akarudia video sindano ikiwa imeinuliwa, santuri ikizunguka bure. Safari hii zilikuwa nyuzi 2,694 kwa sekunde 10, yaani mizunguko 44.9. Mota, basi, haikuwa na shida. Kasi ilishuka pale tu sindano iliposhuka na kuiburuta santuri. Jambo linalofanya kazi bila mzigo na kuteleza kwenye mzigo, katika gramafoni ya aina ile, ni mkanda wa mpira unaotoka kwenye mota kwenda kwenye sahani. Walipoinua sahani waliukuta umelegea na unang'aa kwa uchakavu. Fundi aliweka mwingine, na kipimo cha tatu, sindano ikiwa chini, kilitoa 45.1.

"Mke wangu," babu alisema, "hao wengine waonyeshe hilo jedwali."

Kuna mipaka ya njia hii ambayo anayetaka kuijaribu nyumbani aijue. Plasta isisogee zaidi ya nusu mzunguko kati ya fremu moja na inayofuata. Kwa fremu 30 kwa sekunde, kikomo ni mizunguko 900 kwa dakika. Feni inayozunguka mara 1,200 husogea theluthi mbili za mzunguko katika kila fremu, na jicho pamoja na jedwali vitaiona ikirudi nyuma theluthi moja. Kwa vitu hivyo inahitajika video ya mwendo wa pole, na hapo hesabu itumie fremu zilizopigwa kwa sekunde, siyo zile zinazochezwa. Aliyepiga fremu 240 akahesabu kwa 30 atapata kasi mara nane chini ya ile ya kweli.

Na kuna mpaka wa upande wa afya. Jedwali lile lilithibitisha kuwa mzee anatambua vema kupanda na kushuka kwa sauti. Halikupima kama anasikia sauti ndogo. Usikivu unaopungua kwa umri kwa kawaida huanza kupoteza sauti za juu, ndiyo maana wazee wengi hulalamika kuwa wanasikia watu wakiongea lakini hawashiki maneno, hasa penye kelele. Hauanzi kwa kuushusha wimbo mzima nusu toni. Kwa hiyo kipimo cha masikio alichopendekeza binti mkubwa kilibaki na maana yake, na mzee alikubali kwenda. Safari hii anakwenda kupimwa kwa sababu ya umri wake, na siyo kwa sababu ya mkanda wa mashine.