Ujamaa wa Bibi na Ujamaa wa Katiba

Bibi mzaa mama anaishi Tandika, kwa mama mdogo. Majirani wa jumuiya wananiita Frateri. Yeye hajaacha kuniita mume wangu. Likizo iliyopita nilimsomea insha yangu ya somo la mantiki, iliyohusu ujamaa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mume wangu, ujamaa huo ni ule wa kupakiwa kwenye lori?"

Insha ilikuwa tayari na alama nyekundu za mwalimu. Hoja yangu ilikuwa hivi. Ibara ya 3 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema Tanzania ni nchi ya kijamaa. Katika nchi ya kijamaa njia kuu za uchumi ni mali ya umma, kama Azimio la Arusha la 1967 lilivyofundisha. Kwa hiyo serikali iliyouza mabenki ya umma ilivunja Katiba. Niliiona hoja haina pa kushikwa. Mwalimu aliandika pembeni maneno mawili tu: "Ibara 151."

Nilikwenda kuisoma. Ni ibara ya ufafanuzi, karibu kabisa na mwisho wa Katiba, na humo imeelezwa kwamba neno Ujamaa maana yake ni misingi ya maisha ya jamii ya kujenga taifa linalozingatia demokrasia, kujitegemea, uhuru, haki, usawa, udugu na umoja. Mabenki hayamo. Viwanda navyo havimo.

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti iliyokuwa imenipita darasani. Fasili ya kamusi ni taarifa: inasema watu wanalitumiaje neno, na inaweza kuwa kweli au uongo. Ukiandika kwamba "mjomba" ni kaka wa baba, umekosea tu. Fasili ya mwandishi ni ahadi: "Humu ndani, nikisema hivi, nina maana hii." Ahadi haiwi kweli wala uongo, ila inaweza kutimizwa au kuvunjwa. Kipimo chake ni chepesi, na Pascal alikwisha kukifundisha: liondoe neno, weka fasili mahali pake, usome tena. Nilipofanya hivyo, sentensi yangu ya kwanza ilizungumzia demokrasia na udugu, na ya pili ikazungumzia umiliki wa mali. Yalikuwa maneno mawili yenye sura moja, na hitimisho langu lilikuwa limening'inia hewani.

Mwalimu Nyerere mwenyewe alifanya kazi ya namna hii mwaka 1962, katika kijitabu chake kuhusu ujamaa. Neno lilikuwepo: watu walilitumia kwa undugu, ule wa jamaa kwa jamaa. Yeye akalipa kazi ya kutaja siasa ya nchi nzima. Kwa maoni yangu alikuwa na haki. Alihitaji jina la jambo ambalo halikuwa na jina kwa Kiswahili, alisema wazi analitumiaje, na maana mpya haikukata kamba na ya zamani: alitaka undugu wa ukoo upanuliwe ufike kwa taifa. Hata kamusi zetu za leo zina maana zote mbili, kwa sababu watu waliikubali ahadi ile na kuizoea.

Shida ilikuja baadaye. Mwalimu alikuwa amesisitiza kwamba kijiji cha ujamaa hakiundwi kwa kulazimishana. Mwaka 1973 kuishi vijijini kukawa amri. Sheria ya mwaka 1975 yenyewe ilitofautisha kijiji na kijiji cha ujamaa, maana waliohamishwa wengi hawakuwa wakilima kwa pamoja. Lakini mdomoni mwa watu neno lilibaki moja. Utamu wa udugu ulikuwa bado unalitetea neno ambalo sasa lilitaja kitu kingine. Hilo ndilo kosa ninaloliona hata katika makala za gazetini: mwandishi anatangaza maana yake mpya, halafu anaendelea kuvuna heshima ya maana ya zamani.

Na Katiba? Imetimiza sharti la kutangaza, siwezi kuilaumu kwa hilo. Ila neno linatumika ibara ya 3 na maana yake imekaa ibara ya 151, na msomaji aliyekulia kwenye Azimio hana sababu ya kushuku kwamba anahitaji kufunua mbele. Nadhani neno likishabeba maana nzito kiasi hicho, anayelibadilisha angelifafanua palepale mlangoni, au achague jingine. Mwalimu wangu hakukubaliana nami. Alisema wanasheria wote wanajua kuanzia ibara ya ufafanuzi. Labda. Bibi si mwanasheria.

Nilimweleza yote haya, nikamsomea na ibara yenyewe. Akaniomba nirudie pale kwenye uhuru. Nikarudia.

"Mwaka 1974," akasema, "nilikuwa na mimba ya mama yako. Mahindi tuliyaacha shambani, hayajakauka. Sasa hilo lenu la kwenye kitabu, litafutieni jina lake."

Nimeandika upya insha. Kwenye ukurasa wa kwanza nimeweka maana tatu, na ya tatu ni ya lori.