Mali Iliyolala Dukani Karagita



Ndugu wasomaji, na hasa kina mama wenye maduka na vibanda vya kuendesha nyumba zao, wiki hii nataka kuwasimulia kosa langu mwenyewe.

Mpwa wangu aliolewa na kijana anayefanya kazi katika mashamba ya maua ya Naivasha, wakahamia Karagita, ule mtaa ulio kando ya barabara ya Moi Kusini mwa ziwa. Walipoazimia kufungua duka dogo, mimi ndimi niliyepewa fedha nikanunue bidhaa Mombasa. Nikazunguka Marikiti na Barabara ya Biashara kwa furaha ya mtu anayejua vitu vizuri: madera mepesi, mafuta ya nazi, hina, iliki, tende za Ramadhani, jora la bafta. Vitu vya kula vya kila siku, unga na sukari na sabuni, niliwaachia wavinunue huko huko.

Baada ya miezi minane nilikwenda kuwatembelea. Duka lilikuwa limejaa hadi juu, rafu zimepambwa vizuri, nami nikafurahi. Kisha akaingia mama mmoja akataka sukari kilo moja. Mpwa wangu akamwambia imekwisha, aje baada ya siku mbili. Wa pili akataka unga. Nao ulikuwa umekwisha. Usiku nikamuuliza, "Mwanangu, duka limejaa, mbona wateja wanaondoka mikono mitupu?" Akainama. Akasema, "Mjomba, fedha zote ziko pale juu kwenye rafu."

Asubuhi tulifunga duka hadi adhuhuri tukahesabu. Tulichora safu nne katika daftari: jina la kitu, idadi iliyonunuliwa, idadi iliyobaki, na bei tuliyonunulia. Risiti nilizompa zilisaidia, kwani hakuwa akiandika mauzo; anayeandika ni wa madeni tu. Safu hizo nne zinatosha kumfichua mwenye kulala. Mathalan, madera yalikuwa 24, yakabaki 19. Basi katika miezi minane yameuzwa 5. Kwa mwendo huo, yaliyobaki yangehitaji miezi 30 kumalizika. Bidhaa zote za dukani zilikuwa zimetugharimu shilingi 186,000, na katika hizo 61,000 zilikuwa za vitu vya namna hii. Theluthi ya mtaji ilikuwa imelala.

Lakini si kila kinachokwenda polepole kimekufa, na hapa ndipo wengi hukosea. Swali la kwanza ni hili: je, msimu wa kitu hiki umekwisha kupita nacho kikiwa dukani? Sweta isiyouzwa Februari isihukumiwe mpaka baridi ya Juni na Julai ipite. Tende zilizopitiwa na Ramadhani nzima zikabaki, hukumu yake imekwisha kutoka. Swali la pili: je, kikikosekana, nani atadhurika? Jora la bafta lilikuwa limekatwa mara mbili tu. Lakini mara zote mbili palikuwa na msiba, watu wanatafuta sanda, nguo 3 kwa mwanamume na 5 kwa mwanamke, na kama lisingekuwepo wangepanda gari hadi Naivasha mjini maiti akingoja. Bafta tuliiacha mahali pake, kwa bei yake. Tulikubaliana tu kwamba lisiongezwe la pili kabla la kwanza kwisha.

Tulianza na madera. Kila moja nililinunua kwa 450 na lilikuwa likiuzwa 700. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kujaribu kushusha hadi 650, wala hakuna aliyegundua. Punguzo dogo halimwamshi aliyelala; hula faida tu kwa yule mmoja ambaye angenunua vyovyote. Tukawauliza wateja wenyewe. Mmoja akasema nguo ni nzuri, lakini yeye hutoka alfajiri kwenda shambani kwenye baridi, dera atalivaa Jumapili nyumbani, na kwa nguo ya Jumapili hatoi 700. Nikampigia simu aliyeniuzia. Akasema atayapokea kwa 300, na gharama ya kuyasafirisha iwe juu yetu. Basi tukajua sakafu iko wapi. Tukapanga 350, na siku tukachagua zile za mwisho wa mwezi, mishahara ya mashamba inapotoka. Bei nzuri katikati ya mwezi, mkononi hamna kitu, haisaidii.

Mpwa wangu akashtuka: "Mjomba, si ni hasara? Tumeyanunua 450!" Nikamwambia, hiyo 450 ilikwisha kutoka siku ile nilipoilipa, haituulizi tena. La kuuliza ni hili: 350 ikirudi mkononi itafanya nini? Madera 19 kwa 350 ni 6,650. Ikilinganishwa na tulichotoa, tumepoteza 1,900. Lakini yeye katika sukari, unga na sabuni hupata faida ya shilingi 8 hivi kwa kila 100, na bidhaa hizo huzunguka mara mbili kwa mwezi. Fedha ile ikiingia huko italeta kama shilingi 1,060 kwa mwezi. Katika miezi miwili hasara imefidika, na mteja wa sukari hakuondoka. Hesabu hii ina sharti lake: husimama pale tu duka linapokosa bidhaa zinazotoka. Kama sukari imejaa tayari, kuuza dera kwa hasara ili uongeze magunia ya sukari ni kuhamisha usingizi kutoka rafu moja hadi nyingine.

Matatu katika madera hayo yalikuwa yamepauka kwenye mkunjo kwa jua la dirishani. Tukayakunja upya, mpauko ukawa nje. Mnaijua nyote hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika chungu ya chakula sokoni akakuta unyevu chini, akamwuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Punguzo ni halali. Punguzo linalofunika aibu ya bidhaa si halali.

Mafuta ya nazi yalikuwa na ugonjwa mwingine. Mafuta haya huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Kwetu pwani hatulioni sana jambo hilo. Naivasha usiku hushuka chini ya hapo pakubwa. Asubuhi chupa zote zilikuwa nyeupe kama nta, mteja akiinamisha hakitoki kitu, akadhani yameharibika. Hapa dawa ya kwanza haikuwa bei. Ukishusha bei ya kitu kinachodhaniwa kibovu, umethibitisha dhana. Tulizihamishia chupa dirishani penye jua, na mpwa wangu akawa anawaonyesha wateja jinsi yanavyoyeyuka.

Kisha tukayafunga pamoja na kitu kingine. Hapo awali alikuwa amejaribu mafuta na hina kwa pamoja, hakuna aliyechukua. Wawili waliolala hawaamshani. Kilicholala kifungwe na kile ambacho mteja anakifuata mwenyewe. Wanawake wa mashambani hutaka sabuni, na ngozi za mikono yao hupasuka kwa baridi. Tukaweka vipande viwili vya sabuni ya kuogea na chupa moja ya mafuta kwa 250, badala ya 320 vikinunuliwa kimoja kimoja. Sabuni peke yake ikabaki kwa bei yake ya kawaida, asilazimishwe mtu. Na katika daftari tukaandika ukweli: sabuni mbili zingeleta faida ya 20 bila msaada, na fungu zima linaleta 30. Basi chupa ya mafuta iliyonunuliwa 120 imeuzwa 130 tu. Asiyefanya hesabu hii hudhani mafuta yamepona, akaagiza mengine, kumbe yamebebwa na sabuni.

Zikabaki tende zilizopitwa na tarehe, na ndani ya pakiti wadudu. Na iliki iliyokuwa imepoteza harufu kabisa. Gharama yake 3,400. Mpwa wangu akasema, "Tuzipeleke madrasa, mjomba, watoto wale." Alisema kwa nia njema, lakini Mwenyezi Mungu ametukataza kukusudia kibaya katika kutoa, kitu ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Na sheria ya nchi nayo haimruhusu mtu kuuza chakula kisichofaa kuliwa, hata kwa nusu ya bei. Tulifungua pakiti zote, tukachanganya na majivu asije mtu akaziokota, tukazika. Kisha akaandika katika daftari: zimefutwa, 3,400. Kuandika huko ni lazima, kwa sababu kitu kilichotupwa bila kuandikwa huendelea kuhesabiwa kichwani kama mali. Funzo la tende ni la wakati: punguzo lake lilipasa kuanza kumi la mwisho la Ramadhani, zikiwa nzima na watu wakizitaka, si baada ya Idi.

Hesabu hii pia iligusa zaka. Alikuwa amekusudia kuthamini duka lote kwa bei za kununulia. Bidhaa za biashara huthaminiwa kwa bei yake ya soko siku mwaka unapotimia. Dera linalouzika 350 lisihesabiwe 450, na tende zilizozikwa hazihesabiwi kabisa.

Mwisho wa mwezi alinipigia simu. Madera 15 yalikuwa yametoka kwa siku tatu, na manne ya mwisho yakatoka mwezi uliofuata. Sukari haikukatika tena.

Nilimwuliza kwa nini alikaa miezi minane bila kuniambia kwamba vitu haviuziki. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mjomba, wewe ndiwe uliyechagua. Ningekwambiaje?" Neno hilo limekaa nami tangu siku ile. Nilinunua kwa macho ya pwani kwa ajili ya watu wa bara, na heshima ya mtoto kwa mjomba wake ikaifungia hasara rafuni. Mwenye kumchagulia mwingine bidhaa, mume kwa mke, mjomba kwa mpwa, na awe yeye wa kwanza kuuliza kila mwezi: nilichokuletea, kipi hakitoki?

Wabillahi tawfiq.