Vile viraba vya kijivu: pikseli uliyofuta bado ipo

Karibu kila mtu akianza kujifunza GIMP anauliza hivi: nimepitisha raba juu ya picha, mbona pametokea viraba vya kijivu kama ubao wa drafti? Ni rangi gani hiyo?

Siyo rangi. Hivyo viraba vinachorwa na programu kwenye kioo tu, havimo ndani ya picha. Ingeonyesha nyeupe ungedhani umepaka nyeupe, ndiyo maana ikachagua mchoro ambao ni vigumu kuuchanganya na picha yenyewe. Kuza picha uone: picha inakuwa kubwa, viraba vinabaki vilevile.

Sasa, kumetokea nini kwenye pikseli? Kila pikseli ina namba tatu za rangi, yaani nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Halafu kuna ya nne, inaitwa alfa, inayosema rangi hiyo ionekane kiasi gani. Alfa ikiwa 255 inaonekana yote. Ikiwa 0 unaona cha nyuma yake, na kama nyuma hakuna kitu, unaona viraba. Raba ya GIMP inashusha hiyo alfa tu. Zile namba tatu za rangi haizigusi.

Hapo ndipo pa kuangalia sana, hasa sisi ambao kila siku tunatumiana picha za kadi na karatasi za usajili. Nilijaribu hivi: nilichora kadi ya uongo, nikaandika namba, nikaipitishia raba mpaka viraba vitupu. Nikahifadhi kama PNG, na kile kisanduku cha `Save color values from transparent pixels` kikiwa na tiki. Nikafungua faili upya, nikachukua `Eraser`, nikaweka tiki kwenye `Anti erase`, nikasugua palepale. Namba ikarudi yote, safi kabisa! Kisanduku kile kikitolewa tiki, PNG haibebi rangi zilizofichwa. Lakini faili ya XCF, ile ya kazi ya GIMP yenyewe, inazibeba, kwa hiyo usimtumie mtu hiyo.

(Picha ya JPG ukiifuta huenda usione viraba, inatokea nyeupe. JPG haina alfa, basi GIMP inajaza rangi ya nyuma. Ni kawaida.)

Kwa hiyo ukitaka kuficha namba ya kadi, weka raba pembeni. Zungushia namba kwa zana ya kuchagua mstatili, jaza nyeusi nzito ya asilimia 100, kisha toa picha kama JPG kwa `File > Export As`. Hapo zile namba tatu zenyewe zimekuwa 0, 0, 0, na aliyepokea faili hiyo hana cha kusugua. Nyeusi hafifu haifai: mtu akiongeza mwangaza anasoma.