Wamenyimwa au kimenyimwa? Silabi moja iliyowafungia akina mama mkopo

BUKAVU – Kila juma ninapokea karatasi kutoka kwa vikundi, vyama na kamati za mitaa ya Ibanda, Kadutu na Bagira: ripoti za mradi, matangazo ya mkutano, barua za kuomba msaada. Wengi wananiomba nizisome kwanza kabla hazijaenda kwa wafadhili au kwenye radio. Kosa ninalokutana nalo zaidi si la herufi. Ni kitenzi kilichosahau nani mwenyewe. Sentensi inaanza na neno moja, maneno mengi yanaingia katikati, na kitenzi kikifika kinamfuata mtu mwingine aliyekuwa anapita tu.

Mwezi uliopita nililetewa ripoti ya kurasa mbili ya muungano wa avek, yaani vile vikundi vya kuweka na kukopa. Sitautaja muungano huo, maana waliyoandika yangeweza kuandikwa na yeyote. Aya iliyoleta maneno ilikuwa hii:

“Kikundi cha akina mama wauza sambaza wa soko la Kadutu, ambacho wanachama wake wanne hawajamaliza kulipa mkopo wa mwezi wa tatu kwa sababu ya mvua na ugonjwa, wamenyimwa mkopo mpya. Mikutano ya kamati, iliyopangwa kufanyika kila Jumamosi kwenye ukumbi wa parokia, umeahirishwa. Akiba ya vikundi vyote, baada ya kuondoa riba na faini zilizokatwa kwa wachelewaji, zimeongezeka.”

Sentensi tatu, na kila moja imevunjika mahali pamoja. Lakini hazitengenezwi kwa namna moja, na ya kwanza ndiyo nzito.

Tuanze na ya pili, kwa sababu ni nyepesi. Weka kidole juu ya kitenzi: “umeahirishwa”. Uliza: nini kimeahirishwa? Jibu lipo mwanzoni: mikutano. Sasa funika kwa mkono maneno yote yaliyo kati ya alama mbili za mkato, kisha soma kilichobaki: “Mikutano ya kamati umeahirishwa.” Mtu yeyote wa hapa atasikia kwamba haiendi. Mikutano imeahirishwa. Ile “u” ilitoka wapi? Ilitoka kwenye “ukumbi”, jina lililo karibu na kitenzi. Mwandishi alipofika mwisho wa sentensi, sikio lake lilikuwa bado na ukumbi wa parokia, mikutano ilikuwa imeshabaki nyuma.

Kuna shahidi mwingine ndani ya sentensi hiyohiyo. Angalia neno “iliyopangwa”. Limeanza na “i”, maana yake mwandishi alipoliandika alikuwa bado anakumbuka mikutano. Mara nyingi maneno yanayoingia katikati yanabeba alama sahihi ya mwenye sentensi, na kitenzi cha mwisho ndicho kinachopotea. Vilevile katika sentensi ya kwanza, “ambacho” inaelekeza kwenye kikundi bila kosa. Viwili hivi visipopatana, shuku kitenzi kwanza.

Ya tatu ina mtego wake. “Akiba” haibadiliki ikiwa moja au nyingi, kwa hiyo neno lenyewe halikuambii kama kitenzi ni “imeongezeka” au “zimeongezeka”. Hapo ninatazama kiungo kinachofuata jina. Mwandishi ameandika “akiba ya vikundi”, si “akiba za vikundi”. Ameshachagua umoja, basi kitenzi kimfuate: akiba imeongezeka. Hiyo “zi” imetoka kwa riba na faini “zilizokatwa”, ambazo ziko ndani ya kifungu cha katikati na hazina haki juu ya kitenzi cha mwisho. Tena hapa si sarufi tu. Msomaji wa haraka angeweza kuelewa kwamba faini ndizo zilizoongezeka, na hiyo ingekuwa habari mbaya badala ya njema.

Kiungo hicho kidogo ndicho chombo changu cha kwanza, kwa sababu kinakaa karibu na mwenye sentensi kabla maneno mengine hayajaingia. Ukiona “cha”, kitenzi kitaanza na “ki”: kikao cha kamati kimefungwa. Ukiona “vya”, ni “vi”. “La” inaita “li”, na “za” inaita “zi”. Hivyo vinne havisumbui.

Vinavyosumbua ni “ya” na “wa”. “Ya” inatumika kwa mikutano, kwa kamati moja, na kwa madeni pia. Mikutano ya kikundi imeahirishwa, kamati ya kikundi imekutana, lakini madeni ya kikundi yamelipwa. “Wa” nayo ina nyumba tatu: mkutano wa kikundi umefanyika, prezida wa kikundi amesafiri, wanachama wa kikundi wamechanga. Ukiona mojawapo ya hivi viwili, usiharakishe. Rudi kwenye jina lenyewe, uliza kama ni mtu au kitu, mmoja au wengi, ndipo uandike. Na kwa mtu, kitenzi kinafuata uhai wake, hata jina likiwa na sura ya kitu. Kiongozi wa kikundi “ameondoka”, hata kama neno linaanza na “ki”.

Sasa turudi kwa wauza sambaza. Funika maneno ya katikati: “Kikundi cha akina mama wauza sambaza wa soko la Kadutu wamenyimwa mkopo mpya.” Kwa kanuni niliyoitaja, “cha” inataka “ki”, basi andika “kimenyimwa” na umalize. Kijana aliyeniletea karatasi alikuwa ameshatoa kalamu. Nikamwambia: “Ndugu, ngoja kwanza. Aliyenyimwa ni nani?”

Kikundi kile kina wanachama ishirini na watano. Wanne wana deni. Tukiandika “kimenyimwa”, sarufi imenyooka, na akina mama ishirini na mmoja wasiodaiwa hata franka moja wamefungiwa mlango pamoja na wenzao. Tukiacha “wamenyimwa”, hakuna anayejua kama ni wale wanne au wote. Kiambishi “wa” kilivutwa na wanachama wanne waliotajwa katikati, au na akina mama waliotajwa mwanzoni? Sentensi haiwezi kujibu. Huwezi kutengeneza kitenzi kabla hujajua mwenyewe ni nani, na wakati mwingine jibu haliko kwenye karatasi iliyo mbele yako.

Alimpigia simu sekretere wa muungano. Mama sekretere akafungua daftari la mkutano, lile tunaloliita pe-ve, akamsomea uamuzi: walionyimwa ni wanachama wanne, mpaka wamalize deni. Kikundi chenyewe kinaendelea. Kwa hiyo kosa halikuwa kwenye kitenzi. “Wamenyimwa” ilikuwa inasema kweli, na jina la mwanzo ndilo lililokuwa limekaa kwenye kiti kisicho chake. Tukaandika hivi:

“Wanachama wanne wa kikundi cha akina mama wauza sambaza wa soko la Kadutu wamenyimwa mkopo mpya, kwa kuwa hawajamaliza kulipa mkopo wa mwezi wa tatu. Walichelewa kwa sababu ya mvua na ugonjwa.”

Tazama kilichofanyika. Waliohusika wameletwa mwanzoni. Kitenzi kimesogezwa karibu nao, na kati yao yamebaki maneno ya kuwatambulisha tu. Sababu imetolewa katikati ikapelekwa mwishoni, na nyingine ikapewa sentensi yake. Kama uamuzi ungekuwa juu ya kikundi kizima, tungeandika: “Kikundi cha akina mama wauza sambaza wa soko la Kadutu kimenyimwa mkopo mpya, kwa kuwa wanachama wake wanne hawajamaliza deni.” Maneno ni karibu yaleyale, lakini kwa akina mama ishirini na mmoja ni maisha tofauti.

Kwa nini kosa hili linatukamata sana hapa kwetu? Ninaona sababu mbili. Ya kwanza, Kiswahili chetu cha mtaani si kile cha ripoti. Tunasema “bamama bamefika” na “bintu iko pale”, na tunaelewana vizuri kabisa. Ile “iko” inabeba vitu vingi bila kuuliza ni vya ngeli gani. Tukikaa kuandika, mkono unatafuta “ki”, “vi”, “li” ambazo mdomo hauzitumii kila siku. Ya pili, Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba ya 2006, lakini lugha rasmi ni Kifaransa, na kuandika ripoti tulijifunza kwa Kifaransa. Kutoka huko tumeleta sentensi ndefu ya biro, yenye vifungu viwili vitatu katikati. Sokoni hakuna anayesema hivyo. Mama akisimulia habari ya deni, anasema nani, amefanya nini, kisha kwa nini.

Yako maneno ambayo kidole na mkono peke yake havitoshi. “Idadi ya wanachama” inataka “imeongezeka”, kwa sababu ni idadi inayoongezeka. Lakini “baadhi ya wanachama” inataka “wamelipa”. Njia ya kutofautisha ni kulisimamisha neno peke yake. “Idadi imeongezeka” inasimama. “Baadhi imelipa”, kwa habari ya watu, haisimami, tunasema “baadhi wamelipa”. “Baadhi” ni mlango tu, kitenzi kinapita hapo na kumfikia mtu aliye ndani.

Na “pamoja na”? Ukiandika “Prezida, pamoja na mweka hazina na washauri wawili, ameweka saini”, wako watakaosema saini ni moja. Ukiandika “wameweka”, wako watakaokubali, maana tunasema hivyo kila siku. Kwenye karatasi ya fedha sipendi kuacha mabishano hayo. Kama wote wanne wameweka saini, toa “pamoja na” na uandike: “Prezida, mweka hazina na washauri wawili wameweka saini.” Kama ni prezida peke yake, andika: “Prezida ameweka saini mbele ya mweka hazina na washauri wawili.”

Ripoti ile sasa imeshatumwa, na wale wanne walipewa nakala ya ukurasa unaowahusu. Kwa mwenye karatasi mkononi wiki hii, nashauri aanze kusoma kutoka kwenye vitenzi, siyo kutoka juu. Kwa kila kitenzi aulize nani au nini. Mahali ambapo jibu linamchukua zaidi ya mstari mmoja kurudi nyuma, sentensi hiyo ikatwe, hata kama kiambishi chake ni sahihi.