Siku baiskeli ya Yaya ilipokataa kusimama

Leo tunaandika juu ya kosa letu wenyewe, ili mwenye kujenga kitu kama hiki asilirudie.

Hapa Nyarugusu tuna kaka mmoja ambaye sisi wote tunamwita Yaya, maana ametutangulia. Miguu yake haifanyi kazi. Anatumia baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha pedeli kwa mikono. Bega lake la kulia lilianza kumuuma, na siku ya mgao njia ya kurudi ni mlima. Tukaamua kumfungia mota. Tulipata mota ya waipa ya gari bovu, betri ya sola ya volti 12, na bodi ya Arduino iliyobaki kwenye mafunzo. Mnyororo ulitoka kwenye mota mpaka gurudumu la mbele.

Kwanza tuseme mambo mawili yanayoendesha kazi yote.

La kwanza ni mwendo. Mota tunaipunguza kasi kwa kuwasha na kuzima umeme haraka sana, bila kuondoa betri. Kwenye pini 9 na 10 za bodi yetu inatokea mara 490 hivi kila sekunde. Kama katika kila pigo umeme unawaka nusu ya muda, mota inaona kama volti 6. Ukiwaka robo ya muda, inaona kama volti 3. Mbona mota hairukiruki? Ni kwa sababu koili yake haikubali mkondo ubadilike ghafla, na pia gurudumu lina uzito. Unachosikia ni mlio mwembamba tu, kama mbu.

La pili ni upande. Mota hii inageuka ukibadilisha chanya na hasi. Kwa hiyo tunatumia swichi nne za transista, na mota iko katikati kama kile kimstari cha herufi H. Swichi ya juu kushoto na ya chini kulia zikiwaka, inaenda mbele. Juu kulia na chini kushoto zikiwaka, inarudi nyuma. Mbili za upande mmoja, ya juu na ya chini yake, zisiwake pamoja hata kidogo, kwa sababu hapo betri inajipiga shoti yenyewe. Hilo tulilijua, na programu yetu ililizuia.

Tulijaribu siku tatu, safi kabisa. Siku ya nne Yaya alikuwa anageuza kwenye nafasi ndogo karibu na bomba la maji, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Akaona ndoo ya mtoto mbele yake, akavuta kijiti nyuma kwa nguvu. Baiskeli ikarudi nyuma. Akaachia kijiti. Baiskeli ikaendelea kurudi, mbio yote, kuelekea foleni ya kina mama. Yaya akapiga kelele, «Wadogo zangu, haisikii!» Mmoja wetu alikimbia akang'oa waya wa betri kwa mkono. Mama mmoja aligongwa mguuni, tukamwomba msamaha hapo hapo na jioni tena nyumbani kwake. Tunashukuru Mungu haikuwa zaidi.

Usiku tukapima transista. Mbili zilizokuwa zinaendesha nyuma zilikuwa zimeungua. Sisi tulidhani kitu kikiungua kinakata umeme, kama balbu. Kumbe transista za namna hii mara nyingi zikiungua zinabaki zimefunga njia, kama swichi iliyoganda kwenye WASHA. Bodi ilikuwa inasema «simama», lakini hakukuwa na wa kuisikia.

Lakini kwa nini ziliungua? Karatasi yake inasema inabeba amperi 49, na sisi tukiendesha kwa kasi yote tulipima amperi 4 tu. Jibu tulilipata kwa hesabu ya shule.

Tulifunga gurudumu lisizunguke, tukapitisha umeme kwenye taa ya gari kwanza ili mkondo usiwe mkubwa. Mota ilionyesha volti 2 na amperi 4. Kwa hiyo ukinzani wake ni omu 0.5. Sasa mota iliyosimama ikipewa volti 12 zote, itavuta 12 ÷ 0.5, yaani amperi 24. Ikizunguka inavuta 4 tu, kwa sababu mota inayozunguka ni jenereta pia: inazalisha volti zake zinazosukumana na betri. Amperi 4 mara omu 0.5 ni volti 2, kwa hiyo zile 10 zilizobaki ni za mota yenyewe.

Hapa ndipo penye hatari. Ukigeuza upande ghafla, gurudumu bado linaenda mbele. Zile volti 10 hazisukumani tena na betri, zinaisaidia. 12 na 10 ni 22. Gawa kwa 0.5, unapata amperi 44. Na ile 49 ya kwenye karatasi ni kama mwili wa transista umebaki kwenye nyuzi 25. Zetu zilikuwa na bati dogo la kupoza, juani, na zimegeuzwa mara nyingi mfululizo. Zilikuwa moto tayari kabla ya ile ndoo.

Dawa yake ni subira. Mwendo ushuke kidogo kidogo, gurudumu lisimame, ndipo upande ubadilike. Pini 9 na 10 zinaendesha swichi za chini, 7 na 8 za juu:

```
for (int p = 200; p >= 0; p -= 5) {
  analogWrite(9, p);
  delay(20);
}
digitalWrite(7, LOW);
delay(500);
digitalWrite(8, HIGH);
```

Kushuka kunachukua kama sekunde 0.8, kisha nusu sekunde ya kungoja. Baada ya hapo pini 10 inapanda polepole vilevile. Kwenye mteremko gurudumu linaweza kuwa bado linazunguka, kwa hiyo usiamini saa peke yake: jaribu njia yako kwanza bila mtu juu, na uongeze muda ukiona haitoshi. Baada ya kugeuza mara kadhaa gusa lile bati. Kama huwezi kuliacha kidole juu yake, simama, kuna kitu hakiko sawa.

Tuliongeza pia fyuzi ya amperi 20. Lakini jamani, fyuzi isingemwokoa Yaya siku ile. Baiskeli iliyokimbia ovyo ilikuwa inavuta amperi chache tu, za kawaida, na fyuzi haioni kosa hapo. Kilichokosekana ni swichi kubwa kwenye waya wa betri, inayokata umeme wote bila kupitia bodi wala programu. Sasa ipo, karibu na mkono wake wa kushoto, imepakwa rangi nyekundu. Kabla ya kila safari Yaya anaikata baiskeli ikiwa inatembea, aone kama inasimama kweli.

Alipanda tena baada ya wiki mbili. Tulimuuliza kama haogopi. Akasema, «Naogopa, ndiyo maana nilitaka swichi.»

Ninyi wa kambi zingine mliofunga mota kwenye baiskeli au mkokoteni, tuambieni: yenu mnaikata wapi?