Karatasi ya Oda

Nilipoanza uweita mjini Arusha, mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994, ilikuwa bado inakaa kwenye jengo la AICC. Mchana tulilisha makarani na mawakili wake. Jioni walikuja watalii, wengine wametoka Ngorongoro, wengine kesho yake wanaanza kupanda Mlima Meru kutokea lango la Momella. Shefu wetu alikuwa mgeni wa Kiingereza kitupu. Mama aliyeshika vyakula vya kwetu, mtori, pilau na mboga za majani, alikuwa Mmeru wa Usa River, na Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Sisi maweita tuliwaunganisha kwa karatasi ya oda.

Kila weita alifupisha anavyojua. Aliyepitia chuo cha hoteli aliandika Kiingereza, aliyetokea migahawa ya Soko Kuu aliandika Kiswahili, wengi tulichanganya. Herufi zilizotusumbua zaidi ni CH. Shefu akiziona anatoa kuku, mama anapasha chapati, kijana wa kikaangio anatia chipsi mafutani, na hakuna wa kumlaumu. M nayo ilikuwa na vituko vyake: weita kaandika M2 akimaanisha meza ya pili, shefu anaweka motoni steki mbili za kuiva wastani.

Hayo yanakera tu. Sahani inarudi, mgeni ananung'unika, chapati tunazila wenyewe. Alama iliyotutisha ni X.

Mgeni wa meza 7 alisema karanga zinamdhuru, akizila koo linavimba. Aliagiza samaki, wali na mchicha. Mchicha wetu uliungwa kwa karanga za kusaga na tui la nazi, kama unavyopikwa majumbani kwingi. Weita mwenzangu, mtu wa chuo, akaandika:

```
1 SMK
1 WALI
1 MCH X KRG
```

Kwake yeye X ilifuta: karanga zisiwepo. Mama alikuwa na X ya dukani, ile ya soda x 3, inayohesabu kilichopo. Akasoma mchicha na karanga. Na kwa kuwa mchicha wake una karanga siku zote, karatasi haikumpa sababu ya kushtuka wala kuuliza. Kuku akitoka badala ya chapati, hata mpita njia ataona. Lakini mchicha wenye karanga na usio nazo, ukishatiwa tui zito, dirishani unafanana.

Weita alipofuata sahani aliuliza, nadhani kwa mazoea tu, "Mama, huu hauna karanga, eti?"

"Mwanangu, si umeziandika mwenyewe?"

Sahani haikufika mezani. Kwa vile karanga iliyokwisha sagwa haichambuliki, mchicha mwingine ulianza upya, kwa sufuria nyingine na mwiko mwingine.

Kesho yake shefu, mama na sisi maweita tulikaa tukaandika orodha, ikabandikwa pande zote mbili za dirisha la kutolea chakula. CH ilipigwa marufuku: ni KUKU, CHAPA au CHIPSI. Idadi inatangulia chakula, haifuati kamwe, kwa hiyo X ikakosa kazi. Kisichotakiwa kinaandikwa BILA, neno zima, kwenye mstari wake chini ya chakula, na kuzungushiwa duara la kalamu nyekundu. Shefu alijifunza neno hilo moja, na mama hakuongezewa mzigo. Steki tuliziachia MR na WD zake, maana shefu ndiye aliyezichoma peke yake.

Duara lile lilikuwa na mtego. Kabon haipitishi rangi, nakala ya chini hutoka bluu tupu, tena hafifu. Siku zote keshia ndiye aliyechukua karatasi ya juu, jikoni wakapata nakala. Tukabadilisha. Keshia alinuna, akidai hesabu zake sasa anazisoma kwa kubahatisha, na hakuwa anadanganya.

Miaka ilipokwenda tukaletewa mashine ya kuchapa oda. Mwandiko mbaya ukaisha, ila karatasi ya mashine ile huchapwa kwa joto: ukiibandika karibu na jiko la kuchomea inageuka nyeusi, na BILA inazama humo humo. Halafu weita mwenye haraka hugusa jina la chakula kwenye skrini akasahau kugusa maelezo. Oda inatoka safi, inasomeka vizuri, nayo ni pungufu.

Kwa hiyo oda yenye mzio tuliendelea kuisoma kwa sauti dirishani, mashine au si mashine, na mpishi anairudia kwa maneno yake mwenyewe: "Meza saba, mchicha wa nazi peke yake, sufuria mpya." Akijibu "sawa" tu, weita haondoki dirishani.