Fulana ya Bendera Niliyomnunulia Binamu Yangu Mwaka 1995

Juzi kati nilikuwa kwenye daladala, dereva kafungulia redio, ikapigwa Song 2 ya Blur. Ile ya kupiga kelele "wuhuu", hata usiyejua Blur ni nani umeshaisikia kwenye mpira. Nikacheka peke yangu, konda akaniangalia kama chizi. Basi nikaona leo niwasimulie kuhusu ile vita ya muziki ya Waingereza na Wamarekani, na jinsi nilivyonuniwa wiki nzima kwa ajili ya fulana.

Nilifika London Septemba 1994 kusoma, nikafikia kwa mjomba wangu, mashariki ya mji. Mjomba ni Mzanzibari aliyehamia huko zamani. Mtoto wake wa kiume kazaliwa kule kule, wakati huo ana miaka 17. Nikapewa kulala naye chumba kimoja. Ukutani kabandika picha kubwa ya Kurt Cobain wa Nirvana, aliyekuwa amejiua Aprili mwaka huo huo. Mimi nimetoka Dar na kaseti za Remmy Ongala, namkuta dogo anasikiliza mtu anayelia na gitaa. Nikamuuliza hii nini. Akasema, "Granji, kaka. Usizime."

Sasa shuleni kwake na mtaani wenzake walikuwa hawataki tena granji. Wao ni Blur na Oasis tu. Ili muelewe kwa nini, lazima turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1991 Nirvana walitoa albamu ya Nevermind, na Waingereza wakajikuta vijana wao wote wanavaa mashati ya drafti na kuimba maumivu ya Seattle. Blur walikuwa bendi ndogo ya huko, wana deni la kama pauni 60,000 kwa sababu hesabu zao ziliendeshwa vibaya. Mwaka 1992 wakapelekwa Marekani kupiga maonyesho zaidi ya 40 ili walipe. Huko hakuna aliyewataka. Watu wanataka granji, wao wanaletewa vijana wa Kiingereza wenye nywele za bakuli. Walikunywa, wakapigana wenyewe kwa wenyewe, na mwimbaji wao Damon Albarn akashikwa na hamu ya kwao mpaka basi. Yeyote aliyewahi kukaa ugenini anaijua hiyo hali. Unaanza kupenda hata vitu ambavyo nyumbani ulikuwa unavidharau.

Alivyorudi akaanza kuandika nyimbo za Uingereza ya kila siku: barabara za London, chai, watu wa vitongojini na maisha yao ya kuchosha. Kampuni ya Marekani iliyokuwa inawasambaza ikapendekeza albamu irekodiwe upya na Butch Vig, yule yule aliyetengeneza Nevermind. Wakakataa. Ikatoka 1993 kwa jina la Modern Life Is Rubbish, na kabla ya hapo walifikiria kuiita "Uingereza dhidi ya Marekani". Haikuuza sana. Lakini iliyofuata, Parklife, ilitoka mwezi ule ule aliokufa Cobain, ikalipuka. Watu hawakuwa wameipanga hivyo, ila ilionekana kama kiti kimeachwa wazi na mwingine kakaa.

Tatizo ni kwamba ukitaka kusema "sisi siyo Wamarekani", lazima useme nyie ni nani. Jibu la haraka likawa bendera. Aprili 1993 jarida la Select lilimweka Brett Anderson wa Suede jaladani, nyuma yake bendera ya Uingereza, na maneno ya kuwaambia Wamarekani waende kwao. Anderson mwenyewe hakupenda, bendera iliongezwa kwenye picha. Mwaka mmoja kabla, Morrissey aliipeperusha ile bendera jukwaani Finsbury Park na akasemwa sana magazetini. Maana ile haikuwa bendera ya mpira tu. Miaka ya sabini na themanini waliotembea nayo barabarani ni National Front, chama cha kutaka watu weusi na Wahindi waondoke nchini.

Na mwezi ule ule wa jalada la Select, Aprili 1993, kijana mweusi wa miaka 18, Stephen Lawrence, alichomwa kisu na vijana wa kizungu kituo cha basi kusini mashariki ya London, akafa. Septemba chama kingine cha kibaguzi, BNP, kikapata kiti cha udiwani Millwall, huko huko mashariki ya mji. Kilikipoteza mwaka uliofuata, lakini watu walikuwa wameshaogopa.

Mimi yote hayo sikuyajua. Agosti 1995 nimeshakolea Britpop. Tarehe 14 Blur na Oasis wakatoa singo siku moja kushindana, habari ikafika mpaka taarifa ya habari ya televisheni. Blur wakauza 274,000, Oasis 216,000. Mtaa mzima una raha. Nikapita sokoni nikaona fulana nzuri, kifuani bendera ya Uingereza. Nikanunua mbili, yangu na ya binamu, kesho yake ilikuwa siku yake ya kuzaliwa.

Akaifungua, akaitazama. "Hii mimi siivai."

Nikadhani ni mambo yake ya Nirvana. Nikamtania, nikamwambia Cobain keshakufa, ajiunge na walio hai. Jamani, ulimi wangu. Akaniambia kwa sauti ya chini kabisa: "We kaka utarudi kwenu. Mimi kwetu ndo hapa, na waliomkimbiza baba kwenye basi walikuwa nayo hii."

Akaninunia wiki nzima. Mjomba hakusema kitu, akaichukua ile fulana akaiweka juu ya kabati.

Baadaye ndo nikaelewa kile alichokipenda kwenye granji. Muziki wa Marekani ulikuwa wa mtu asiyefaa popote, basi. Haukumuuliza babu yake alizaliwa wapi. Britpop iliimba "sisi", na yeye hakuwa na uhakika kama yumo. Ingawa ukiangalia vizuri, hata hao wenyewe walikuwa wachanganyiko: ndugu wawili wa Oasis wazazi wao ni Wairishi, na Noel alipiga gitaa lenye bendera ile ile ya Uingereza. Sonya Madan wa Echobelly, mzaliwa wa Delhi, yeye alivaa fulana yenye bendera na maneno ya kusema kwamba hii ni nchi yake pia. Nilimwonyesha binamu picha hiyo. Akaitazama muda mrefu, akasema, "Huyu kaandika. Ile yako haikuandikwa kitu."

Mwaka 1997 Blur wenyewe walichoka. Mpiga gitaa wao Graham Coxon alikuwa anapenda kelele za bendi za Marekani, wakatoa albamu yenye Song 2, na ndiyo iliyowafungulia Marekani. Walioanza kwa kuikataa granji wakaingia kwa mlango wake! Binamu alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa nafungasha mabegi kurudi.

Alikuja Unguja 2009 kwenye harusi ya dada yangu. Kavaa kanzu, kofia, Kiswahili chake cha nyumbani kabisa. Wajomba na shangazi wote, kuanzia mlangoni, wanamwita "Mwingereza". Mwingereza njoo ule, Mwingereza piga picha. Usiku akanivuta pembeni akaniuliza ile fulana nyingine, ile ya kwangu, ilienda wapi. Nikamwambia mama aliifanya tambara la kupangusia vumbi.

"Ungeniwekea," akasema.